"UTM 37S" tupu bila datamu wala paramita, hivi nyie mliosomea kupima mnatuonaje huku Arusha?

Chalii_wa_Bikoni (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za jioni, samahani kwa hasira ila leo lazima niseme.

Kuna kampuni moja hapa mjini siitaji jina, imempa mteja wangu wa Moshono karatasi ya koodineti za kiwanja chake, juu wameandika "UTM 37S" basi, imeisha hiyo. Mteja kalipa hela nzuri, fundi kachimba msingi wa ukuta kwa kufuata pini walizopigilia wao, jirani kaja na panga anasema mmeniingilia. Ndo naitwa mimi na mashine yangu ya RTK nikaamue ugomvi kama mwenyekiti wa mtaa.

Nikaanza na kitu ambacho wao walitakiwa waanze nacho, kutafuta bikoni ya zamani. Tukafukua tukaipata, zege lake zima na chuma kati, haijaguswa. Kwenye ramani ya upimaji ya kiwanja bikoni hiyo ni mashariki 242 300.0 na kaskazini 9 627 400.0 (tarakimu nimezisawazisha ili nisimuanike mtu, ila tofauti zote ni za kweli). Hiyo ni Arc 1960, datamu ya zamani, yaani msingi wa kuhesabia koodineti, inayokaa kwenye umbo la Clarke 1880. Mashine inasoma WGS 84, na ikiwa imekaa juu ya bikoni ile ile inasema 242 390.1 na 9 627 096.0.

Sasa kampuni wamempa mteja 242 396.0 na 9 627 097.5. Yaani wapo karibu mita 6 mashariki ya bikoni inayoonekana kwa macho! Mita 6 Moshono mnajua ni shilingi ngapi? Nikawapigia, kijana ananijibu "hiyo ni error ya GPS mzee, kawaida". Error ya GPS ya mita 6 kwenye RTK?? Na zote zimeenda upande mmoja kwa kiasi kile kile, bikoni hii na zile nyingine mbili!

Nikakaa na kompyuta nikagundua walichofanya. Wamefungua programu ya ramani ya QGIS, likaja lile dirisha la kuchagua namna ya kubadilisha, wakabonyeza ya kwanza wakaendelea na chai. Hakuna aliyesoma.

Mzee_wa_Ploti:

Pole mkuu ila unakuza jambo. Arc kwenda WGS ni kujumlisha tu, mashariki ongeza 91, kaskazini toa 305, tumefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyelia. Haina haja ya programu wala paramita. Hao vijana wangejua hiyo wasingekosea.

Chalii_wa_Bikoni:

@Mzee_wa_Ploti kwa hapa Arusha hiyo namba yako haipo mbali, nakubali. Bikoni yangu imetaka 90.1 na 304.0. Ila niambie umeitoa wapi na inaishia wapi, maana nimeshaona mtu anaibeba hiyo hiyo mpaka kanda ya ziwa.

TrigPoint_Mstaafu:

Wanangu nisikilizeni kidogo, hii kazi nimeifanya toka enzi za theodolaiti.

Kwa Arc 1960 kuna seti zaidi ya moja za paramita tatu, na zote zina majina yanayofanana kwenye programu, ndo maana watu wanaumia. Kuna ya wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja, -160, -6, -302. Kuna ya Kenya peke yake, -157, -2, -299. Na kuna ya Tanzania, -175, -23, -303. Hizo ni mita za kuhamisha kitovu cha umbo la dunia, sio mita za kwenye ramani, msizichanganye.

Ukipitisha bikoni ya huyu kijana kwenye seti ya wastani unapata mashariki +96.0 na kaskazini -302.5. Linganisha na karatasi ya kampuni, ni hiyo hiyo. Ukipitisha ya Tanzania unapata +91.3 na -304.8. Ya Kenya inakupa kama +97 na -299. Kwa hiyo kati ya seti ya wastani na ya Tanzania hapo Moshono kuna mita 5 na kitu, na ukichukua ya Kenya kimakosa unaachana na ya Tanzania kwa mita 8. Hakuna setilaiti iliyokosea hapo.

Na programu yenyewe haijaficha. Angalieni safu ya usahihi kwenye lile dirisha, ya wastani imeandikwa mita 35, ya Tanzania mita 15. Mtu anaona mita 35 halafu anaenda kupigilia pini ya ukuta! Ukitaka kuziona zote bila kubahatisha andika hivi:

```
projinfo -s EPSG:4210 -t EPSG:4326 --spatial-test intersects
```

@Mzee_wa_Ploti namba yako inatokana na seti ya Tanzania na ni ya upande wa huku. Ukienda Mwanza seti hiyo hiyo inakupa mashariki 76 hivi badala ya 91, kaskazini inabaki karibu ile ile. Kwa kiwanja kimoja kujumlisha kunafaa kabisa, tena kama umeipata kwenye bikoni za pale pale ni bora kuliko paramita za vitabuni. Kwa nchi nzima hapana.

Mama_Kihamba_Kibosho:

Jamani mie sio mpimaji ila naomba kuuliza hapa hapa. Nina ile ramani ya zamani ya 1:50,000 ya marehemu baba, nikichukua namba za mtoni kwenye ramani nikaweka kwenye simu inanipeleka kwenye migomba ya shemeji, mto uko kusini huko, mbali kabisa. Shemeji anasema mto umehama. Inawezekana?

TrigPoint_Mstaafu:

@Mama_Kihamba_Kibosho mama mto haujahama kwa hiyo. Simu yako ni WGS 84, ramani ya marehemu ni Arc 1960, tofauti kama mita 317, kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita 6 tu ila shambani ni safari. Namba za ramani ongeza 91 mashariki, toa 305 kaskazini, ndipo uweke kwenye simu. Hapo hata seti ya wastani inatosha, maana ramani yenyewe huwezi kuisoma kwa usahihi wa mita 5.

Mama_Kihamba_Kibosho:

Asante baba. Ila mpaka wa kihamba je, naweza kuupima hivyo hivyo na simu?

Chalii_wa_Bikoni:

Mama usithubutu, utaleta kesi.

droni_za_Kilimanjaro:

Mbona mnateseka, tafuteni faili la gridi mmalize. Mimi nina .gsb nilirushiwa kwenye grupu la wasap, naiweka kwenye programu inabadilisha kila kitu hadi sentimita, kila sehemu inapewa sahihisho lake. Hizo paramita zenu za Helmert ni mambo ya kizamani.

TrigPoint_Mstaafu:

Wazo ni zuri, faili ndo tatizo. Faili la gridi linafaa pale ambapo mtu amepima bikoni nyingi za zamani kwa GPS, akaona kila moja imehama kiasi gani, akatandaza hizo tofauti kwenye vyumba vya gridi. Faida yake ni kwamba linabeba mpaka makosa ya mtandao wa zamani, maana ule mtandao uliunganishwa pembetatu kwa pembetatu kutoka kilele hadi kilele na kosa linakua kadiri unavyosonga. Paramita tatu haziwezi kunyoosha hilo, zinahamisha nchi nzima kwa pamoja.

Sasa wewe hilo lako ni la nchi gani? Kwenye mkusanyo wa gridi unaokuja na PROJ hakuna la Arc 1960. Lifungue usome mipaka yake. Kama Moshi haimo ndani, linakupa kosa waziwazi, au programu inaliruka kimya kimya na kukupa badiliko la kukadiria ambalo halijahamisha datamu kabisa. Chukua bikoni moja unayoijua ulijaribu. Ukiona imekosa kwa mita mia mbili themanini au mia tatu ujue halikufanya kitu.

droni_za_Kilimanjaro:

...limeandikwa ZA kwenye jina, Afrika Kusini hiyo. Ila picha zangu zinakaa vizuri juu ya Google Earth.

Chalii_wa_Bikoni:

Zitaachaje kukaa chalii wangu, droni ni WGS 84 na Google Earth ni WGS 84! Hujabadilisha kitu hapo.

TrigPoint_Mstaafu:

Mwanzisha uzi nikuulize na wewe. Nimesema seti ya Tanzania inakupa 91.3 na 304.8, bikoni imetaka 90.1 na 304.0, kuna mita 1.4 imebaki. Hiyo umeifanyaje? Na besi yako uliiwekaje? Kama uliwasha ukabonyeza "hapa nilipo", besi yenyewe inaweza kuwa imehama mita moja mbili, hapo huwezi kumlaumu Clarke.

Chalii_wa_Bikoni:

Besi niliiacha inarekodi masaa kadhaa halafu nikaichakata, hiyo haina shida. Mita 1.4 nimeiona kwenye bikoni zote tatu, mwelekeo mmoja, zikitofautiana kwa sentimita 20 hivi. Kwa hiyo nimechukua wastani wa bikoni mbili nikahamisha mchoro, ya tatu sikuihusisha, nikaitumia kujikagua, ikaangukia sentimita 18. Kwa ukuta nimeridhika. Kwenye karatasi nimeandika datamu, nilichoongeza, na seti niliyoanzia:

```
+proj=utm +zone=37 +south +ellps=clrk80 +towgs84=-175,-23,-303,0,0,0,0 +units=m
```

Mstari mmoja tu! Wangeuandika huo mtu yeyote angejua wametumia nini na angerudi nyuma. Sasa nina mafaili yao mengine ya "UTM 37S" ya viwanja vya Njiro na Kisongo, hata sijui yapi ni Arc na yapi wameshayabadilisha.

TrigPoint_Mstaafu:

Bikoni zako zimezunguka kiwanja au zote zipo upande mmoja? Na mwinuko usiuguse kwa njia hiyo, paramita hizi sio za kupimia mtaro.

Chalii_wa_Bikoni:

Mbili upande wa barabara, moja nyuma. Mwinuko sijaugusa.

Mpima_Leseni_Ars:

Hesabu zenu nzuri ila mpaka wa kisheria ni bikoni iliyopo ardhini, sio koodineti ya kwenye karatasi. Bikoni imepatikana nzima, fundi abomoe, arudi kwenye bikoni. Swali lililobaki ni nani analipa mita 40 za msingi.

Chalii_wa_Bikoni:

Kampuni wanasema mteja hakuwaambia anataka datamu gani. Mteja ni muuza nyama jamani. Muuza nyama ndo aseme datamu?

Mzee_wa_Ploti:

Mimi bado nasema 91 na 305 ingewaokoa.