Walioangalia video ya ziara yetu ya viungo, nawafuata vipi na tangazo la pili?

Bint_Kizimbani
Asalaam aleikum wanajamvi. Mie na kaka yangu tunaendesha ziara ya viungo Kizimbani, dola 25 kwa kichwa, chakula cha mchana ndani na usafiri wa kumchukua mgeni hotelini. Tuna video mbili Facebook na Instagram. Ya kwanza ni mpanda mnazi wetu anapanda huku anaimba. Tuliibusti Tanzania nzima ikapata watazamaji 41,000. Ya pili ni ya Kiingereza, sekunde 50, inaonesha vanila inavyochavushwa kwa mkono na kungumanga ikipasuliwa. Hiyo tuliibusti Ujerumani, Italia na Poland, ikapata kama 6,000.

Tovuti ipo, na kijana aliyeitengeneza anasema pikseli ya Meta, kile kijimsimbo kinachorekodi wanaoingia, ameshaiweka. Ninachotaka ni kuwa aliyeangalia video, au aliyeingia kwenye tovuti akatoka bila kubuku, aone tangazo la pili lenye bei na WhatsApp yetu. Nimetengeneza Custom Audience, yaani orodha ya walioangalia video zote mbili kwa sekunde 3, siku 365, eneo nikaweka Zanzibar. Pesa inakwenda, lakini meseji zote ni za watu wa hapa hapa wanaouliza kama mpanda mnazi anakodishwa harusini. Nifanyeje?

Kijana_wa_Darajani
Dada, orodha yako ndogo, hilo ndilo tatizo. Video mwisho ni siku 365 na tovuti mwisho ni siku 180, basi chukua zote mpaka ukomo, changanya, halafu futa Zanzibar weka dunia nzima. Meta itajua yenyewe nani wa kumuonesha.

Mpemba_wa_Wete
Kwa hiyo mpanda mnazi anakodishwa au hakodishwi? 😂 Mie nauza halua, sina tovuti wala hizo pikseli. Nabusti posti kila Alkhamisi, watu wananipigia. Bibie, busti tena hiyo ya mnazi, si ndiyo iliyopendwa?

Nahodha
Waaleikum salaam. Kijana kasema kweli kuhusu ukomo wa siku, ila ukifanya alivyosema utalipa zaidi kwa watu wale wale.

Angalia ulichokifanya. Orodha na eneo havijumlishwi, vinakatana. Ukiweka orodha ya walioangalia video kisha ukaweka eneo Zanzibar, Meta inamtafuta mtu aliyemo kwenye orodha *na* ambaye yupo Zanzibar. Mjerumani aliyeangalia vanila yako akiwa kwao hataliona tangazo hilo mpaka ashuke uwanja wa ndege. Anayebaki ni kijana wa Amani aliyecheka na mpanda mnazi. Kwa kuwa 41,000 kati ya watazamaji wako walitoka kwenye video uliyoibusti Tanzania, orodha ilikuwa yao tangu mwanzo. Ukitaka kuhakikisha, fungua Ads Manager, lichague lile tangazo la video, bonyeza Breakdown halafu Country. Utaona nchi moja moja.

Na sekunde 3 ni mtu aliyekuwa anapitisha kidole tu. Meta inakuruhusu kuchagua sekunde 3, sekunde 10, ThruPlay yaani sekunde 15 au mpaka mwisho, au asilimia 25, 50, 75 na 95. Kwa video ya sekunde 50, asilimia 50 maana yake mtu amekaa sekunde 25 kuangalia ua la vanila likichavushwa. Huyo ana hamu. Usichukue 95, watakuwa wachache mno.

Kwa hiyo video ya mnazi iache nje kabisa. Nenda Audiences, Custom Audience, Video, chagua ile ya vanila peke yake, asilimia 50, siku 365. Hata kama leo ndiyo unaitengeneza, itawachukua walioangalia zamani pia. Orodha ya tovuti haiko hivyo: inaanza kujaa siku pikseli ilipoanza kufanya kazi, haiwezi kurudi nyuma ya hapo.

Halafu fanya seti mbili za tangazo.

Seti ya kwanza ni ya waliobaki kwao. Eneo liwe zile nchi tatu. Hapa punguza siku mpaka 60, kwa sababu aliyeangalia mwezi wa tisa pengine ameshakuja na ameshaondoka. Uliza mambo anayouliza mtu anayepanga safari, kisha yajibu: bei, muda wa ziara, unamchukua kutoka hoteli za wapi.

Seti ya pili ndiyo ningeifuata ningekuwa wewe. Orodha ile ile ya vanila, siku zote 365, lakini eneo Unguja. Lile kosa la kukatana linageuka kuwa faida, maana linakuachia Mjerumani aliyeangalia video yako akiwa kwao na leo yupo Nungwi anatafuta la kufanya kesho. Zamani uliweza kuchagua wasafiri peke yao. Meta waliondoa chaguo hilo mwaka 2023, sasa eneo linahesabu wanaoishi na waliofika karibuni kwa pamoja. Orodha ya vanila inakuchujia wenyeji kwa mlango wa nyuma. Tangazo lenyewe liwe fupi: kesho asubuhi, tunakufuata hotelini, tuandikie WhatsApp.

Bint_Kizimbani
Ahsanta sana kaka Nahodha. Nimeangalia Breakdown, ni kweli, karibu yote Tanzania. Seti ya pili nimeshaitengeneza, lakini ukubwa wa orodha inaandika "Below 1000". Inakataa?

Jengine. Nimeweka Pixel Helper kwenye Chrome nikafungua tovuti yetu, inaonesha PageView mara mbili. Ni sawa?

Nahodha
"Below 1000" siyo kukataliwa, ni Meta kuficha hesabu ya orodha ndogo. Itakwenda, ila polepole. Usiiwekee zaidi ya dola 1 au 2 kwa siku, maana pesa nyingi kwa watu wachache inamfanya mgeni mmoja aone tangazo lako mpaka alichukie. Angalia safu ya Frequency, yaani mtu mmoja ameliona mara ngapi. Ndani ya wiki ikipita 5 na hakuna meseji, badilisha picha au simamisha. Na kabla hujachapisha, kagua kama ipo kwenye Advantage+ audience. Hapo orodha yako inachukuliwa kama pendekezo tu, na Meta inaweza kutoka nje yake. Kwa Unguja hiyo ni balaa, utarudi kwa watu wa harusi. Tafuta "Switch to original audience options".

PageView mbili: pikseli imewekwa mara mbili, mara nyingi mtu kabandika msimbo kwa mkono na programu-jalizi nayo imeiweka. Au kuna namba mbili za pikseli, moja ya mtu mwengine. Linganisha namba inayooneshwa na ile iliyomo kwenye Events Manager yako. Zikiwa sawa, hesabu ya matukio inavimba lakini orodha ya watu haiharibiki, kwa kuwa mtu anahesabiwa mmoja. Ikiwa moja si yako, iondoe leo leo, maana wageni wako wanajaa kwenye orodha ya mwengine.

Bint_Kizimbani
Namba ni moja, alhamdulillahi. Nimemwambia kijana atoe ya mkono. Sasa hao wa tovuti: wengi hawajazi fomu, wanabonyeza kitufe cha WhatsApp. Nitawajuaje?

Nahodha
Kubonyeza WhatsApp kunamtoa mtu kwenye tovuti, kwa hiyo pikseli haijui kitu usipoiambia. Mwambie kijana akiweke kitufe hivi:

```html
<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX" target="_blank"
   onclick="fbq('track', 'Contact');">WhatsApp</a>
```

Baadae bonyeza mwenyewe kwa simu huku Test Events iko wazi kwenye Events Manager. Ukiona Contact imeingia, tayari. Orodha yako ya tovuti basi iwe: waliofungua ukurasa wa ziara ndani ya siku 30, ukiwatoa waliofanya Contact.

Lakini usiitegemee sana. Tangu iOS 14.5 mwaka 2021, mwenye iPhone anaulizwa kama anaruhusu kufuatiliwa na wengi hukataa, na wageni wetu wengi wana iPhone. Pia wa Ulaya sheria yao inataka akubali kwanza kabla pikseli haijafanya kazi, kwa hiyo weka ule ujumbe wa kumuomba ridhaa. Orodha ya tovuti itakuwa pungufu siku zote. Ya video haipungui hivyo, kwa vile mtu aliiangalia ndani ya Facebook au Instagram yenyewe.

Shangazi_wa_Paje
Nina nyumba ya wageni, nimefanya haya misimu kadhaa. Nahodha nakuheshimu, ila kuwatoa waliobonyeza WhatsApp sikubali. Kwangu nusu yao wanaandika "Hi, price?" wanapotea. Hao ndio wa kufuatwa! Ukiwatoa unamtupa aliye karibu zaidi na mlango.

Na jengine, siku hizi nikiacha tangazo moja pana, Meta yenyewe inarudi kwa walioniona. Vijiorodha vya watu mia nane naona vinanichosha tu.

Nahodha
Shangazi, kwa WhatsApp umenishinda. Basi Bint, watoe wale tu waliolipa: kila mwezi pakia orodha ya namba zao kama Customer list, uwatoe hao. Waliobonyeza bila kulipa wape tangazo lao, lenye maneno ya wageni waliokwisha kuja.

Kuhusu tangazo pana, nyumba ya kulala na ziara ya muda wa saa nne si kitu kimoja. Kwako mgeni anabuku miezi kabla, Meta ina muda wa kujifunza. Mgeni wa ziara anaamua usiku wa kuamkia. Kwa hilo bado nashika orodha yangu ya Unguja.

Shangazi_wa_Paje
Haya, shika. Lakini mwezi wa nne na masika yale, nani atakuwepo Unguja kwenye orodha yako?

Nahodha
Hakuna. Machi mpaka Mei izime seti hiyo, pesa ipeleke kwenye video ya vanila huko Ulaya, ijaze orodha kabla ya Juni.

Mpemba_wa_Wete
Yakhe, na mie nisiye na tovuti? Instagram tu.

Nahodha
Kwenye Custom Audience chagua Instagram account badala ya Website. Inachukua waliogusa posti zako au kukutumia meseji. Wa halua wako wako Wete na Chake, eneo liwe Pemba, basi.

Bint_Kizimbani
Seti ya Unguja imeanza jana. Imetumia senti 40 tu, imewafikia watu 60, meseji moja: Mpolandi yupo Kendwa, anauliza kama watoto wanalipa. Nimemjibu. Ile ya nchi tatu naianza Jumatatu, kaka yangu anataka video mpya ya mdalasini kwanza.

Na mpanda mnazi, kwa anayeuliza, ndiyo, anakodishwa. Ila mpigieni mwenyewe.