Naomba ushauri: kipande cha shilingi moja au cha shilingi 20.50, chama chetu kiingie wapi?

Mwanaisha_Likoni

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Likoni. Tuna shilingi 300,000 ambazo zimekaa benki bila faida ya maana, na tunanuia kuziongezea kidogo kidogo ili baada ya miezi minane tununue tuktuk iliyotumika. Ajenti wa kampuni moja ya uwekezaji alihudhuria mkutano wetu akatueleza mifuko miwili. Wa kwanza ni wa soko la fedha, ambao bei ya kipande chake ni shilingi moja siku zote na riba iliyotangazwa ni asilimia 10 kwa mwaka. Wa pili umechanganya hisa na hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa muda mrefu. Kipande chake kilikuwa shilingi 20.50 siku ile, una ada ya kuingilia ya asilimia 3, na ajenti alisema ulipanda kwa asilimia 18 mwaka uliotangulia.

Wenzangu wanasema ule wa kwanza utatupa vipande laki tatu na wa pili vipande elfu kumi na nne tu, kwa hiyo hakuna haja ya kujadili. Mimi hesabu hiyo hainiridhishi. Kitu ambacho bei yake haibadiliki kinazaaje faida? Nami nichunguze nini kabla hatujatia saini?

Juma_Bombolulu

Wa aleikum salaam dada. Ingieni ule wa shilingi moja bila kusitasita. Asilimia 10 ya laki tatu ni elfu thelathini kwa mwaka, yaani 2,500 kila mwezi mkononi. Bei haishuki, kwa hiyo hamwezi kupata hasara, na hata kampuni ikifungwa kuna bima ya amana ya serikali inayowalipa. Mimi nimo humo na sijawahi kujuta.

Kipimo

Bi Mwanaisha, nimefanya kazi ya kukokotoa bei za mifuko ya aina hii, kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la bei, kisha nirudi kwa ndugu Juma, ambaye mfuko amechagua sawa lakini sababu zake zina kasoro.

Idadi ya vipande haina maana yoyote peke yake. Chapati ukiikata mara nne au mara nane, unga ni ule ule. Chukua mfuko wa pili kwa mfano wa tarakimu rahisi. Kila jioni ya siku ya kazi hujumlishwa thamani ya kila kitu kinachomilikiwa na mfuko huo kwa bei za soko za siku hiyo, tuseme ni shilingi milioni 412. Hutolewa madeni pamoja na ada ambazo hazijalipwa, tuseme milioni 2. Zinazobaki, milioni 410, hugawanywa kwa vipande vyote vilivyo mikononi mwa watu, tuseme milioni 20, na ndipo inapopatikana ile 20.50. Kumbuka pia kwamba 20.50 mliyotajiwa ilikuwa bei ya siku iliyopita. Fedha zenu zitanunua kwa bei itakayokokotolewa baada ya ombi kupokelewa, na ombi la Ijumaa jioni kwa kawaida huangukia bei ya Jumatatu.

Sasa tia laki tatu zenu. Ada ya kuingilia inachukua 9,000, zinabaki 291,000, nanyi mnapata vipande 14,195 na ushei. Ili mrudie laki tatu zenu tu, bila faida ya hata senti, ni lazima kipande kifike karibu 21.13. Kikishuka hadi 19.50 wakati tuktuk imepatikana, mtatoka na kama 276,800. Mtu mwenye miaka mitano mbele yake anaweza kusubiri bei irudi, lakini ninyi mna miezi minane na muuzaji wa tuktuk hatawasubiri.

Na ile asilimia 18 msiichukue kama ahadi. Katikati ya mwaka 2024 hati za Hazina za siku 91, ambazo serikali hukopea kwa muda mfupi, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16, na kufikia katikati ya 2025 zilikuwa zimeteremka hadi kiasi cha asilimia 8. Riba mpya inaposhuka namna hiyo, hatifungani za zamani zenye riba kubwa hugombaniwa na bei yake hupanda, na mfuko unaozimiliki hupanda nazo. Kupanda huko hakuwezi kurudiwa mwaka hadi mwaka, kwa sababu riba nayo haiwezi kushuka bila kikomo. Ikigeuka kupanda, bei hizo hizo hushuka.

Mfuko wa soko la fedha hufuata utaratibu mwingine. Unanunua hati za Hazina za muda mfupi, unaweka amana za muda maalumu benki, na pengine unakopesha kampuni kwa hati za muda mfupi. Mapato ya kila siku hayaongezi bei ya kipande, bali huandikwa pembeni kwa jina lako, na mwisho wa mwezi hugeuzwa kuwa vipande vipya vya shilingi moja. Bei inasimama palepale, vipande ndivyo vinavyozaana.

Kuhusu 2,500, ndugu Juma, punguza. Asilimia inayotangazwa kwa kawaida imeshaondolewa ada ya usimamizi, lakini haijaondolewa kodi ya zuio ya asilimia 15. Isitoshe, ile 10 tayari imehesabu faida juu ya faida kwa mwaka mzima, kwa hiyo huwezi kuigawanya kwa kumi na mbili. Kwa laki tatu, siku moja inaleta kama shilingi 78. Kodi ikitoka zinabaki kama 66 na senti sitini, na mwezi wa siku thelathini unafika karibu 2,000. Mkiziacha ndani miezi minane na riba isibadilike, mtakuwa na kiasi cha 316,300. Bila shaka itabadilika, kwani hati zikiiva hununuliwa nyingine kwa riba ya siku hiyo.

Bima ya amana nayo inalinda fedha za mteja zilizo benki, hadi shilingi 500,000 kwa kila benki. Kipande cha mfuko si amana.

Dada_wa_Tanga

Jamani, huku kwetu Tanzania mimi nimo katika Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, na bei ya kipande imekuwa ikipanda miaka yote niliyokuwamo. Nimesomesha watoto kwa vipande hivyo. Bi Mwanaisha, usiogope bei inayobadilika, maana ndiyo inayokuza mali. Shilingi moja inayokaa shilingi moja itakufikisha wapi?

Mwanaisha_Likoni

Ahsante dada yangu, na hongera kwa watoto. Ila sisi hatutafuti akiba ya miaka mingi, tuktuk inatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Pengine hilo ndilo linalotutofautisha.

Juma_Bombolulu

Mzee Kipimo, hesabu ya kodi nimeikubali, na nimeangalia taarifa yangu nikaiona kweli imeandikwa. Lakini la hasara bado sijakubali. Kipande ni shilingi moja, kitashukaje?

Kipimo

Kinaweza kubaki shilingi moja kwenye karatasi huku fedha ambazo mfuko umezikopesha hazilipwi. Unaikumbuka Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa iliyokuwa na tawi Nyali? Ilikuwa ikikopa kwa hati za muda mfupi, na ilipoanguka kuna mfuko wa soko la fedha hapa Kenya uliokuwa na hati hizo ambao ulilazimika kusimamisha utoaji wa fedha. Watu walifungua akaunti zao wakaona salio, ila hawakuweza kulichukua.

Kwa hiyo, Bi Mwanaisha, karatasi ya kuomba ni taarifa ya mwezi au ya robo mwaka inayoonyesha fedha zimewekwa wapi. Soma sehemu ya serikali, sehemu ya benki na sehemu ya kampuni. Mfuko ukilipa pointi mbili au tatu zaidi ya wenzake wote, na sehemu ya kampuni ni kubwa au haielezwi, hapo umeshaona ziada inatoka wapi. Halafu tazama kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama mfuko wenyewe umeandikishwa. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwani kampuni yenye leseni inaweza kukuuzia kitu kingine kisicho mfuko uliosajiliwa.

Mwisho, msimamizi anayeamua kununua nini hatakiwi kuwa ndiye anayeshika fedha. Hizo hukaa kwa mtunza mali, ambaye aghalabu ni benki, na yuko pia mdhamini anayewasimamia wote wawili kwa niaba yenu. Majina yao huandikwa kwenye waraka wa mfuko. Nikiona waraka usiowataja, mimi siendelei kusoma.

Salim_Kibokoni

Sheikh Kipimo, umezungumza riba tangu juu hadi chini. Katika chama cha akina mama wa Likoni sidhani wote wataridhia. Nimesikia ipo mifuko inayofuata sharia. Bei yake inakokotolewa vipi?

Kipimo

Hesabu ni ile ile, ila vinavyonunuliwa ni vingine: amana za kugawana faida katika benki za Kiislamu, sukuk, ambazo ni hati za uwekezaji zisizo za riba, na hisa zilizochujwa kwa vigezo vya sharia. Ile asilimia mnayotajiwa ni makadirio ya faida. Iwapo mchujo unatosha, hilo nawaachia maulamaa. Ulizeni ni nani wanaokaa kwenye bodi ya sharia ya mfuko na kama ripoti yao inatolewa.

Salim_Kibokoni

Hata maulamaa hawajakubaliana katika baadhi ya hati hizo. Bi Mwanaisha, liweke mezani kabla ya kura.

Mwanaisha_Likoni

Nitaliweka, kaka Salim. Nina jambo moja jingine. Fomu aliyotuachia ajenti imejazwa jina langu na kitambulisho changu, akasema za vikundi huchelewa. Kisha akaniandikia nambari yake ya simu nimtumie fedha ili yeye aziingize.

Kipimo

Usitume. Fedha ziende kwa nambari ya malipo au akaunti iliyo kwenye waraka wa mfuko, na kabla ya kuthibitisha kwenye M-Pesa, jina linalotokea liwe la mfuko, lisiwe la mtu. Na akaunti ifunguliwe kwa jina la chama: wataomba cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mkutano uliopitisha uamuzi, PIN ya kodi, na sahihi za zaidi ya mtu mmoja. Ikiwa kwa jina lako, machoni pa sheria vipande ni vyako, na likikufika la kukufika, akina mama watavidai kwa warithi wako. Uliza pia kwa maandishi kutoa fedha kunachukua siku ngapi za kazi, maana mwenye tuktuk atataka malipo siku ile ile.

Mwanaisha_Likoni

Cheti chetu muda wake umekwisha. Basi Jumatatu naanzia ofisi ya maendeleo ya jamii kukihuisha, na ajenti nimeshamwandikia alete fomu ya kikundi pamoja na taarifa ya robo mwaka. Hajajibu bado.