Mama kaitwa kwenye majaribio ya dawa ya mitishamba ya sukari, naombeni ushauri

Mwana_Tukuyu: Wadau, mama ana miaka 61, ana sukari. Kaitwa kwenye majaribio ya unga wa majani ambao wazee wetu huku wametumia miaka yote. Wanasema watapiga kura, nusu wapate unga wenyewe, nusu unga usio na dawa. Kwanini apewe wa uongo wakati dawa inajulikana inaponya?

Mzee_wa_Makambako: Usimpeleke. 2011 nilienda Loliondo kwa Babu, kikombe shilingi 500, foleni siku tatu. Mjomba alirudi kachangamka kabisa akaacha ARV. Tulimzika mwaka uliofuata.

Kijana_Uyole: Kama muuzaji kasajiliwa na serikali basi imeshathibitishwa, majaribio ya nini tena?

Nesi_Iringa: Mdogo wangu, usajili unamruhusu kuuza, haujasema inashusha sukari. Mwana_Tukuyu, unajuaje inaponya?

Mwana_Tukuyu: Ilikuwa 17, baada ya mwezi ikawa 9. Nimeona kwa macho kwenye kipimo cha kidole.

Nesi_Iringa: Mwezi huo alianza nini kingine?

Mwana_Tukuyu: Metifomini. Na soda aliacha. Ila metifomini alikuwa anaisahau sahau, unga ndio hakosi asubuhi na jioni, na bado anautumia. Nilipanga tusiwaambie watafiti wasije wakamkata.

Nesi_Iringa: Hapo ndipo penyewe. Metifomini, soda na unga vimeingia mwezi mmoja, utajuaje kipi kilishusha? Halafu mtu anapimwa sukari ikiwa juu ndio anatafuta dawa, mara nyingi ingeshuka kidogo hata bila unga. Kura inafanya makundi yafanane, wote wanaendelea na dawa za hospitali, na unga wa uongo unatengenezwa uwe mchungu vilevile ili asijue mgonjwa wala anayempima. Baadaye wanalinganisha kipimo kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, sio cha kidole cha asubuhi moja. Sasa mama akiwekwa kwenye unga wa uongo huku nyumbani anakunywa ule wa kweli, tofauti ya makundi itapungua, na wakifanya wengi hivyo dawa ikiwa nzuri inaweza kuonekana haifai. Umewaharibia haohao wazee unaowatetea.

Mwana_Tukuyu: Dada nakuelewa, ila siwezi kumnyang'anya mama kitu anachokiamini.

Kijana_Uyole: Subirini kwanza. Jina la majani hataji, mgonjwa katoka 17 mpaka 9, kesho utasikia "njoo inbox". Huyu ni muuzaji.

Mwana_Tukuyu: Siuzi kitu! Sijataja jina makusudi watu wasikimbilie kununua. Kadi ya kliniki ninayo hapa, imelowa chai pembeni.

Mzee_wa_Makambako: Hata mjomba alikuwa na kadi.

Nesi_Iringa: Awe muuzaji au asiwe, jibu ni lilelile. Kawaambie anatumia unga. Wanaweza kumwambia auache wiki kadhaa kabla ya kuanza, au wasimchukue kabisa. Na waulize figo za washiriki zinapimwa kila baada ya muda gani, mimi hilo ndilo ningelitaka kwanza.

Mwana_Tukuyu: Figo hawakuzitaja. Jumatatu namsindikiza, ila la unga acha nikae na mama kwanza.