Muuguzi agome au asigome?

Muuguzi, Nyakato: Tuko hospitali binafsi. Posho ya zamu za usiku, iliyoandikwa kwenye mikataba yetu, hatujalipwa miezi 4, na tunataka mshahara uongezwe. Tumeambiwa muuguzi haruhusiwi kugoma kabisa. Ni kweli?

Mwalimu, Igoma: Ni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 76, inawakataza walio kwenye huduma muhimu. Afya imo, pamoja na maji, umeme na zimamoto.

Katibu mstaafu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Ilemela: Mwalimu, umeishia njiani. Kifungu hichohicho kinafungua mlango: chama na mwajiri wakiwa na mkataba wa hali bora unaotaja huduma zisizosimama wakati wa mgomo, na Kamati ya Huduma Muhimu ikauidhinisha, wauguzi wanaweza kugoma.

Binti yangu, tenganisha madai yako. Posho iliyoandikwa ni haki yako tayari, na haki ya namna hiyo hata wa kiwanda cha samaki haruhusiwi kuigomea. Mjaze fomu namba 1 ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nakala apewe mwajiri kwanza, ushahidi wa kuipokea uambatanishwe. Muda ni siku 60 tangu mgogoro uanze, kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo muombe kuongezewa muda na mtoe sababu. Nyongeza ya mshahara ni maslahi: inasuluhishwa, na ikishindikana, kwenu inakwenda kwa mwamuzi, na tuzo yake inawafunga wote wawili.

Mama, Sengerema: Mimi sheria sizijui. Nilivuka Kamanga usiku na mwanangu anaweweseka kwa homa. Nesi alikuwa mmoja wodi nzima, anabadilisha dripu huku miguu imemvimba. Mkigoma, sisi twende wapi?

Muuguzi, Nyakato: Mama, huyo nesi ndiye mimi ninayemsemea. Hakuna anayetaka kumwacha mtoto kitandani.

Katibu mstaafu: Ndiyo maana ya ule mkataba, mama. Niliwahi kukaa na matroni tukapanga kwa penseli: wodi ya wazazi, watoto wachanga na mahututi zamu kamili, kliniki ya nje ifungwe. Tukakwama chumba cha upasuaji. Yeye alitaka wauguzi 4 kila zamu, sisi 2. Karatasi ile haikufika kwenye Kamati.

Mwalimu, Igoma: Sasa mwajiri atasaini ya nini, wakati bila saini yake hamgomi?

Katibu mstaafu: Hapo umenishika. Nimeuliza hivyo miaka mingi. Mwamuzi angekuwa mwepesi, nisingelalamika. Lakini kumnyima mtu mgomo, halafu shauri lake likakaa kabatini, ni kumfunga mikono miwili.

Muuguzi, Nyakato: Na huo mkataba nani anaufanya? Kwetu tuko wauguzi 46, wanachama 19.

Katibu mstaafu: Chama kinachowakilisha wengi wa kundi lenu linalojadiliana na mwajiri. Mkikubaliwa kuwa kundi peke yenu, mnahitaji 24. Watafuteni hao 5 kwanza, na fomu ya posho isiwasubiri.