Naomba ushauri: sampuli ya 384 kwenye kituo kimoja cha afya kando ya ziwa

Muuguzi Mtarajiwa: Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninasoma uuguzi mwaka wa mwisho hapa Mwanza na ninaandika tasnifu yangu ya kwanza. Nataka kujua ni wajawazito wangapi kati ya wanaohudhuria kliniki wanaomeza vidonge vya kuongeza damu kila siku kama walivyoelekezwa. Nimeandika 384 kwa sababu karibu kila tasnifu niliyoisoma maktaba ina namba hiyo. Nitakusanya data kwa wiki 8, na rejista ya wiki 8 zilizopita ina mistari 480. Nilipanga kuwahoji wale nitakaowakuta kwenye benchi asubuhi hadi namba itimie. Msimamizi ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini 384? Umewapataje?" Nimekwama.

Kijana wa Igoma: Dada, tumia kanuni ya Yamane, ni rahisi zaidi. Ukiweka 480 na kosa la 0.05 utapata 219, na kazi imekwisha. Hao wa kwenye benchi wanatosha, mradi namba imetimia.

Baba Mvuvi: Mimi nilihoji wavuvi 14 tu kwenye mwalo kuhusu kichocho, na nikafaulu. Nilisimama pale majibu mapya yalipokoma. Kwa nini ujitese na mamia?

Mzee wa Rejista: Marahaba, mwanangu. Nimesimamia wanafunzi kwa miaka mingi, na swali la pili la msimamizi wako ndilo zito. Ndugu Baba Mvuvi alitafuta maelezo, yaani kwa nini watu wanafanya wanavyofanya, na huko kusimama majibu yanapojirudia ni sahihi. Wewe unatafuta asilimia, kwa hiyo unahitaji hesabu. Namba yako inatoka hapa:

```
n = Z² × p × (1 − p) / d²
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16
```

Z ni 1.96 kwa uhakika wa asilimia 95, d ni kosa unalolikubali, na p ni asilimia unayoitarajia. Hiyo 0.5 huwekwa mtu asipojua asilimia inayotarajiwa, kwa kuwa ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote. Yamane naye ameificha humohumo, ndiyo maana Kijana wa Igoma hajakosea sana kwenye namba. Amekosea kwenye benchi. Kanuni zote mbili hudhani kwamba watu wamechaguliwa kwa nasibu. Kwenye vituo vya kando ya ziwa, wa kwanza kufika ni wanaokaa jirani, na wanaovuka kwa mtumbwi kutoka visiwani hufika jua likiwa limepanda. Ukifunga daftari saa nne, hao wa visiwani hawamo, na huenda ndio vidonge huwaishia kabla ya safari nyingine. Hata ukihoji 1,000 kwa mtindo huo, kosa litabaki palepale.

Kabla ya hesabu yoyote, niambie: hiyo 480 ni wanawake au ni mahudhurio?

Muuguzi Mtarajiwa: Leo nimerudi kituoni nikahesabu kwa namba za kadi. Mama mmoja ameandikwa mara tatu. Wanawake wenyewe ni 310.

Mzee wa Rejista: Basi uliahidi kuhoji wanawake 384 mahali penye 310. Ungeifikia namba hiyo kwa kumhoji mama yuleyule mara mbili tu. Punguza hivi:

```
n = 384.16 / (1 + 383.16 / 310) = 171.8
```

Hao ni 172. Gawanya kwa 0.9, ukitarajia kwamba mmoja kati ya kumi atakataa au ataondoka katikati ya dodoso, upate 192. Anayekataa umwandike kuwa amekataa, usimzibe na wa nyuma yake. Sasa, 310 ukigawanya kwa 192 ni 1.6: ukichukua kila mama wa pili unapata 155, hawatoshi. Ningekuwa wewe ningewaalika wote, kila mama katika hudhurio lake la kwanza ndani ya wiki hizo, na kuitia kadi yake alama ndogo ili asirudiwe.

Mama Takwimu: Mzee, kwa heshima, hapo kwenye kupunguza sikubaliani nawe kikamilifu. Wanawake wa wiki hizi 8 ni sehemu tu ya wanaopita mwaka mzima. Akitaka kuzungumzia wajawazito wa kituo hicho kwa jumla, 310 siyo kikomo.

Mzee wa Rejista: Ni kweli, inategemea kichwa cha tasnifu. Kikitaja kipindi, kupunguza kunatetewa. Kisipokitaja, aongeze wiki.

Muuguzi Mtarajiwa: Kichwa changu kinasema "katika Mkoa wa Mwanza".

Mama Takwimu: Hicho kibadilishe kwanza, mdogo wangu. Kituo kimoja hakiwezi kuusemea mkoa, hata ukiwahoji wote 310.