Templeti ya skripti imefanya vidio zetu zote zifanane kama sare ya shule, nisaidieni

Mwalimu_wa_Winam:
Wadau habari za jioni. Nafundisha bayolojia hapa Kisumu, na kila Jumamosi mimi na jamaa yangu mmoja tunaweka vidio yutubu kuhusu ziwa na viumbe vyake, ya wanafunzi wa sekondari lakini pia wazazi na wavuvi wanaangalia. Tumefika vidio ya 14. Zile saba za kwanza nilikuwa naandika tu venye inakuja, skripti moja inakula jioni nne, mke wangu akaanza kuniuliza kama nimeoa laptopu. Basi nikatengeneza templeti: salamu, utangulizi, maana, historia, sifa, faida, hasara, muhtasari, kwaheri. Sehemu tisa. Sasa naandika kwa jioni moja, lakini vidio zimekuwa kavu, watu wanatoka mapema kuliko hata zamani. Ile ya gugu-maji ilikuwa dakika 11 na sekunde ya 40 nusu ya watu hawako. Je niachane na templeti ama nibadilishe nini?

DesignNaks:
Mwalimu pole. Mimi niko Nakuru nafanya grafiki. Templeti nzuri ni rangi mbili tu na fonti moja, jina la kipindi liwe pembe ile ile kila wiki. Nitumie logo nikuwekee mfano, bei tutaelewana.

Mwalimu_wa_Winam:
Asante ndugu lakini naongelea skripti, yaani maneno na mpangilio wake. Picha ziko sawa.

DesignNaks:
Aaah sawa, nilisoma haraka. Bado logo yako naiomba lakini.

Otis_254:
Shida ni urefu bana. Kuna utafiti wa 2014 wa vidio za masomo ya edX, waliangalia mara milioni 6.9 ambazo watu walicheza vidio, wakaona mtu anavumilia kama dakika sita hivi. Kwa hivyo kata kila kitu kiwe sita, weka mziki wa kufungua sekunde 20 ule ule kila wiki watu wakuzoee, umemaliza.

Sauti_ya_Kale:
Otis huo utafiti upo, ila wale walikuwa wanafunzi wamejiandikisha kwa kozi. Haimaanishi dakika ya saba ni kaburi, na vidio ya mwalimu imekufa sekunde ya 40, hata ingekuwa ya dakika tatu ingekufa hapo hapo. Halafu mziki wa sekunde 20? Mtu wake anatoka sekunde ya 40, wewe unataka kumpunguzia nusu ya hizo.

Mwalimu, mimi nimeandika vipindi vya redio vya shule miaka mingi kabla ya kuhamia vidio. Hebu bandika hapa aya ya kwanza ya hiyo ya gugu-maji.

Mwalimu_wa_Winam:
"Hamjambo watazamaji wapendwa, karibuni tena katika chaneli yetu. Leo tutaangalia gugu-maji. Gugu-maji ni mmea unaoelea juu ya maji, asili yake ni Amerika Kusini katika bonde la Amazon, na ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 80..."
Inaendelea hivyo. Skripti yote ni maneno 1,140.

Sauti_ya_Kale:
Haya. Hakuna uongo hapo, lakini huo ni mpangilio wa kamusi. Sehemu zako tisa ni majina ya mafungu, na fungu halimwambii mtazamaji kwa nini angoje fungu linalofuata. Jaribu hivi: kati ya kila sehemu na inayofuata weka neno. Ikiwa neno pekee linaloingia ni "halafu" (halafu historia, halafu sifa, halafu faida) skripti imelala. Ikiwa linaingia "lakini" ama "kwa hivyo", inatembea.

Mimi templeti yangu ni maswali matano ambayo NAJIULIZA MIMI kabla ya kuandika, mtazamaji hayaoni kamwe. Watu wanaamini nini kuhusu hiki kitu? Ni kitu gani cha kuonekana kwa macho kinachopinga hiyo imani? Sababu moja, sio tatu, ni gani? Nikirudi kwa yule mtu wa mwanzo sasa atasema nini? Na ni nini bado hakijajibiwa?

Sasa tuchukue gugu lako. Pale bichi ya Dunga watu wanasemaje likipotea?

Mwalimu_wa_Winam:
Wanasema limeisha. Asubuhi bichi imejaa gugu, boti haiwezi kutoka, siku mbili tatu baadaye maji yako wazi, mtu anakwambia serikali imelitoa ama limekufa lenyewe.

Sauti_ya_Kale:
Hiyo ndio vidio yako. Anza na mzee wa Dunga akionyesha kwa mkono: "Lilikuwa hapa juzi, sasa limeisha." Bila salamu. Kisha unaweka picha mbili ulizopiga kutoka sehemu ile ile ya bichi siku mbili tofauti, moja kijani tupu, nyingine maji, na ya tatu umeomba mtu wa Kendu Bay akupigie: zulia liko kwake. LAKINI basi halijaisha, upepo umelisukuma tu ng'ambo. KWA HIVYO swali ni, kama upepo unalihamisha tu, mbona linaongezeka tena na tena? Hapo ndio unatoa ile sababu moja, chakula: nitrojeni na fosforasi zinazoingia na maji ya mito kutoka mashambani na uchafu wa mji. Ukimaliza unarudi kwa mzee.

Amazon, miaka ya 80, jina la kisayansi, wale wadudu waliotolewa kulila, yote toa. Usitupe. Wadudu ni vidio nyingine kabisa, na nzuri.

Chebet_wa_Eldy:
Naomba kuuliza, kuanza na imani ya makosa si watoto watabeba ile makosa? Mimi nina chaneli ya hesabu, niliwahi kuanza na jibu la makosa, mzazi mmoja akaniandikia maneno makali kwamba nimemchanganya mtoto, nikaacha.

Sauti_ya_Kale:
Dada hofu yako ina maana. Derek Muller, yule wa chaneli ya Veritasium, tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Sydney 2008 ilikuwa kuhusu jambo hili katika fizikia. Wanafunzi waliopewa maelezo safi yaliyonyooka walisema vidio iko wazi sana, lakini mtihani wa baadaye ukaonyesha hawajabadilika vya maana. Waliosikia dhana ya makosa ikitajwa na kupingwa waliona vidio inachosha akili, na ndio waliojifunza zaidi. Ila lazima upingaji ufuate karibu. Ukiacha kosa lining'inie dakika tatu, yule mzazi atakuwa na haki.

Chebet_wa_Eldy:
Mimi niliiacha mpaka mwisho wa vidio 🙈 sawa.

Otis_254:
Na urefu je? Maana "sababu moja" inaweza kuwa dakika 15.

Sauti_ya_Kale:
Urefu unapimwa kwa saa. Mwalimu soma ukurasa wako kwa sauti, ile kasi ya kamera, uhesabu maneno ya dakika moja. Mimi hutoka kama 110. Kwa kasi hiyo skripti yake ya 1,140 ni zaidi ya dakika kumi za kuongea mfululizo, hakuna hata nafasi ya kuonyesha ziwa bila maneno. Maneno 630 ni chini kidogo ya dakika sita, ongeza dakika moja na nusu ya picha zinazojisemea. Na andika safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Safu ya kushoto ikiwa na "mimi naongea" mara nne kufuatana, hiyo ni redio, nakwambia kama mtu wa redio.

Mwalimu_wa_Winam:
Nimeanza kuandika upya. Swali: nataka kuonyesha ile ya chakula kwa beseni mbili, moja maji ya mvua, nyingine maji yaliyochotwa karibu na mtaro wa mji, mimea mitano mitano. Lakini inataka wiki mbili ndio tofauti ionekane na mimi natoa vidio kila wiki.

Sauti_ya_Kale:
Basi ongeza mstari juu kabisa ya templeti: "nini lazima kianze mapema". Beseni zianze leo, wiki mbili zijazo utoe vidio zisizohitaji kungoja. Templeti nyingi za kila wiki huvunjika hapo, mtu anaandika skripti Jumatano inayodai picha ya wiki mbili zilizopita. Na funika hizo beseni kwa wavu, usizalishe mbu wa mtaa mzima. Ukimaliza usimwage mtaroni, kausha hiyo mimea juani kabisa.

Omwana_wa_Kakamega:
Mimi naona mnamfunga mwalimu kwa templeti nyingine tu. Baada ya vidio kumi watu watajua "sasa anakuja mzee na imani yake". Si ni sare ile ile, rangi tu imebadilika?

Sauti_ya_Kale:
Inaweza kutokea, sikatai. Mlango ubadilike: wiki hii mzee, wiki ijayo kichwa cha sangara sokoni, nyingine swali la mwanafunzi. Lakini mpangilio wa ndani sitaki abadilishe kila wiki, na sababu ni hii. Akiingia YouTube Studio anaona grafu ya watu wanavyotoka. Aandike kwa skripti ni dakika gani kila kiungo kinaanza. Shimo likitokea kiungo kile kile kwa vidio tatu nne, kosa ni la templeti. Likitokea vidio moja tu, kosa ni la sentensi ama picha ya siku hiyo. Kama kila wiki mpangilio ni mpya hawezi kutofautisha hayo mawili, atakuwa anabahatisha. Na akirekebisha, arekebishe kiungo kimoja, akiache vidio nne hivi.

Omwana_wa_Kakamega:
Hapo nimekuelewa. Lakini kuna mada hazina imani ya makosa. Alikuwa na ile ya jinsi ya kusoma ramani ya kina cha ziwa, hiyo utapinga nini?

Sauti_ya_Kale:
Hiyo usilazimishe. Vidio za "namna ya kufanya" zinataka templeti yao ya pili, onyesha kitu kimekamilika kwanza, halafu hatua. Nimeona watu wakitunga imani ambayo hakuna mtu anayo ndio wapate cha kupinga, mtazamaji ananusa.

Mwalimu_wa_Winam:
Wadau nimerudi baada ya wiki tatu. Ya gugu mpya imetoka Jumamosi, maneno 655, dakika 7 na sekunde 20. Nimeweka na vituo vya muda kwenye maelezo ya vidio, niliposahau kuanza na 0:00 havikutokea kabisa, kumbe lazima, na viwe angalau vitatu:

```
0:00 Lilikuwa hapa juzi
0:35 Zulia limeenda wapi?
2:10 Beseni mbili, wiki mbili
5:05 Kurudi Dunga
6:30 Mbegu zilizo kwenye matope
```

Sasa sekunde ya 40 watu wengi bado wako. Shimo limehamia 5:05, nikirudi kwa mzee wanatoka, nafikiri wanajua nimemaliza.

Otis_254:
Kata hiyo ya kurudi. Toka beseni ingia mbegu moja kwa moja.

Sauti_ya_Kale:
Usikate bado, ni vidio moja. Mzee anasema nini akiona beseni?

Mwalimu_wa_Winam:
Hasemi, mimi ndio nasema kwa niaba yake 😅 sikumpelekea beseni.

Sauti_ya_Kale:
Mpelekee.

Chebet_wa_Eldy:
Mimi naona Otis ako sawa kwa hii. Wanafunzi wangu wakishapata jibu hawangoji mtu mwingine alisikie.