Mrejesho: damu iliyoganda kwenye mshipa wa ini

Niliuliza: "Dada yangu, miaka 38, damu imeganda kwenye mshipa mkuu unaoingia kwenye ini. Wengu umevimba, lakini hesabu ya chembe za damu ni ya kawaida. Tutafute nini?"

Wakuu, jibu lilikuwa kwenye hiyohiyo "kawaida". Daktari bingwa wa damu aliweka kidole kwenye karatasi ya majibu: chembe sahani, zile za kugandisha damu, 390,000. Akatuambia wengu uliovimba hivyo hunasa chembe sahani nyingi, kwa hiyo zilitakiwa zishuke. Zisiposhuka, huenda uboho unazalisha kupita kiasi na wengu unaficha. Sisi tulikuwa tunashangilia!

Akaagiza kipimo cha JAK2 V617F, badiliko la jeni linalofanya uboho uzalishe kupita kiasi, kwa damu ya mkononi tu. Kimerudi chanya. Cha PNH, ule ugonjwa wa chembe nyekundu kupasuka, kimetoka hasi.

Protini C, ile inayozuia damu kuganda ovyo, nayo ilisoma chini, nikadhani ndiyo chanzo. Kumbe ini ndilo huitengeneza. Likiumwa, inashuka yenyewe.

Wiki ijayo wanachukua uboho wajue ni ugonjwa gani hasa wa uboho. Dawa ya kuzuia kuganda anaendelea nayo, na ameambiwa ni ya muda mrefu.